Je, wajua bei ya kipande cha mfuko wa uwekezaji wa pamoja hutoka wapi?

"Kipande cha mfuko mmoja ni shilingi 400 na cha mwingine ni shilingi 125. Si bora ninunue cha 125 nipate vipande vingi? Na hiyo bei nani anaipanga?"

Hakuna anayeipanga, kwa maana ile ya mfanyabiashara anayepanga bei ya bidhaa yake. Bei ya kipande ni matokeo ya hesabu ya kugawanya inayofanywa kila siku ya kazi: juu kuna thamani ya mali zote za mfuko baada ya kutoa madeni yake, na chini kuna idadi ya vipande vyote vilivyo mikononi mwa wawekezaji siku hiyo. Kwa sababu hiyo, bei ndogo haimaanishi kwamba mfuko ni wa bei nafuu, wala bei kubwa haimaanishi kwamba mfuko ni ghali. Mkate uliokatwa vipande thelathini haumshibishi mtu zaidi ya mkate uleule uliokatwa vipande kumi.

Mfano wa kubuni utaonyesha jinsi hesabu hiyo inavyofanyika. Mfuko wa kwanza, tuuite A, una hati fungani za Serikali, yaani hati za mikopo ambayo Serikali imechukua kwa wawekezaji, zenye thamani ya shilingi milioni 6,000, hisa za kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam zenye thamani ya milioni 2,500, amana za benki za milioni 1,400, na riba ya milioni 150 ambayo mfuko umekwisha kuistahili ingawa haijalipwa. Jumla ni milioni 10,050. Humo hutolewa milioni 50 za ada ambazo mfuko unadaiwa na meneja, mtunza mali na mkaguzi, na kinachobaki ni milioni 10,000. Ikiwa wawekezaji wote kwa pamoja wanamiliki vipande milioni 25, kila kipande kina thamani ya shilingi 400. Mfuko wa pili, B, tuseme una mali halisi za kiasi kilekile cha milioni 10,000, ila umegawanywa katika vipande milioni 80, na kwa hiyo kipande chake ni shilingi 125.

Mwenye shilingi 200,000 atapata vipande 500 akiingia A, au vipande 1,600 akiingia B. Baada ya muda mali za mifuko yote miwili zikipanda kwa asilimia 10, kipande cha A kitakuwa shilingi 440 na cha B shilingi 137.50. Zidisha kila bei kwa idadi ya vipande, nawe utaona kwamba pande zote mbili mwekezaji ana shilingi 220,000. Wingi wa vipande haukumwongezea hata senti moja. Kinachofaa kulinganishwa ni kiwango ambacho bei imekua kwa kipindi kilekile, pamoja na gawio ambalo mfuko umelipa katika kipindi hicho, kwa sababu mfuko unapolipa gawio fedha hizo hutoka kwenye mali zake na bei ya kipande hushuka kwa kiasi hicho. Mfuko unaotoa gawio la shilingi 20 kwa kipande cha 400 utasoma 380 baada ya malipo, na mgeni anayetazama bei peke yake atadhani kuna hasara.

Swali ambalo wengi huliuliza baada ya hapo ni hili: watu wengi wakiingia kwa wakati mmoja, je, hawatapunguza thamani ya waliotangulia? Wakiingia kwa bei sahihi, hapana. Tuseme siku moja zinaingia shilingi milioni 1,000 mpya kwenye mfuko A. Kwa bei ya 400 vinatengenezwa vipande milioni 2.5, mali zinakuwa milioni 11,000, vipande vinakuwa milioni 27.5, na ukigawanya unarudi palepale kwenye 400. Sasa tuseme wageni hao wameuziwa kwa bei iliyopitwa na wakati ya shilingi 380. Watapata vipande zaidi ya milioni 2.6, na bei ya kila mmoja itashuka hadi takriban shilingi 398. Hizo shilingi mbili kwa kila kipande zimetoka mfukoni mwa waliotangulia na kwenda kwa wageni. Ndiyo sababu fomu yako ikifika baada ya saa ya mwisho iliyowekwa na meneja hupewa bei ya siku inayofuata. Wapo wanaouona utaratibu huo kama urasimu, lakini ndio unaowalinda wenye vipande dhidi ya anayeijua bei ya jana na habari za leo.

Hesabu yote hiyo, hata hivyo, inategemea jambo moja ambalo wanaoanza hawalioni: thamani ya kila mali imepatikanaje? Hisa inayouzwa na kununuliwa kila siku sokoni ina bei inayojulikana. Hati fungani ni habari nyingine. Chukua hati inayolipa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, kisha Serikali ikatoa nyingine ya muda uleule inayolipa asilimia 12. Hakuna mnunuzi atakayeichukua ile ya kwanza kwa bei kamili, kwa hiyo bei yake sokoni itashuka. Mfuko unaothamini hati zake kwa bei ya soko utaonyesha kushuka huko mara moja. Mfuko unaozithamini kwa gharama ya ununuzi, ukiongeza riba kidogokidogo kila siku, hautaonyesha chochote, na mchoro wa bei yake utapanda kwa mstari ulionyooka kana kwamba hakuna kilichotokea. Njia zote mbili zinatumika, na ya pili ina hoja yake pale ambapo hati zitashikiliwa hadi ziive. Kwa maoni yangu, mchoro usioshuka hata siku moja si sababu ya kuuamini mfuko. Ni sababu ya kufungua waraka wa toleo, ule unaoeleza masharti ya mfuko, na kusoma sehemu ya uthaminishaji, kwa kuwa siku wengi watakapotaka kutoka kwa pamoja, hati hizo italazimu ziuzwe kwa bei ya soko, si kwa bei ya vitabuni.

Jambo hili si la nadharia tu. Nchini Kenya, mfuko wa soko la fedha, yaani ule wa amana na madeni ya muda mfupi, wa kampuni ya Amana Capital ulikuwa umewekeza katika hati za madeni ya muda mfupi za mnyororo wa maduka ya Nakumatt. Nakumatt iliposhindwa kulipa madeni yake, fedha hizo zilikwama, na mwaka 2018 utoaji wa fedha kwenye mfuko huo ukasimamishwa. Watu walioweka fedha pale wakidhani wako sawa na walioweka benki walikuta milango imefungwa. Jina la mfuko lilikuwa la mfuko wa utulivu, lakini ndani yake palikuwa na deni la kampuni moja yenye matatizo. Kwa hiyo ukiletewa fomu, omba orodha ya vitu ambavyo mfuko umewekeza, si majina ya makundi yake pekee. "Dhamana za madeni" yaweza kuwa Serikali, na yaweza kuwa duka. Tazama pia kama mdaiwa mmoja anashikilia sehemu kubwa ya mfuko.

Ada nazo zimejificha ndani ya bei, na ndiyo maana ni rahisi kuzisahau. Ada ya mwaka ya usimamizi haikatwi kwenye akaunti yako. Inakatwa kidogokidogo kwenye mali za mfuko kabla ya hesabu ya kugawanya, kama zile milioni 50 za mfano wetu. Ukiambiwa mfuko umepata asilimia 9, mara nyingi hicho ni kilichobaki baada ya ada. Uzito wake huonekana katika miaka: shilingi milioni 1 inayokua kwa asilimia 11 itafika takriban milioni 2.84 baada ya miaka 10, na ikikua kwa asilimia 9 itaishia takriban milioni 2.37. Asilimia mbili za kila mwaka zimekula karibu shilingi 470,000. Ada ya kutoka ni tofauti kwa sababu hukatwa waziwazi siku unapouza: ikiwa ni asilimia 1, mwenye vipande vya shilingi 220,000 atapokea 217,800. Huko Kenya, ambako mifuko mingi ya soko la fedha hutangaza riba ya mwaka badala ya bei ya kipande, uliza pia kama riba inayotangazwa ni kabla au baada ya kodi ya zuio ya asilimia 15, kwa maana asilimia 10 iliyotangazwa kabla ya kodi ni 8.5 mkononi.

Muda wa kulipwa unastahili kuulizwa kabla ya kujiunga. Nchini Tanzania, kampuni ya kusimamia mifuko ya UTT AMIS, ambayo Mfuko wake wa Umoja ulianza mwaka 2005, ina pia Mfuko wa Ukwasi uliobuniwa kwa ajili ya wanaotaka kutoa fedha ndani ya siku chache, ilhali mifuko yenye hisa na hati za muda mrefu huhitaji siku zaidi. Bei utakayolipwa ni ile itakayokokotolewa baada ya maombi yako kupokewa, si ile uliyoiona ulipoamua kuuza. Hisa za mfuko A zikishuka kwa asilimia 10 siku hiyo, mali zinapungua kwa milioni 250 na kipande kinakuwa shilingi 390. Aliyeingia kwa 400 akiwa na vipande 500 atahesabiwa shilingi 195,000 kabla ya ada ya kutoka. Fedha ya karo inayohitajika mwezi ujao haifai kuwekwa mahali pa namna hiyo.

La mwisho ni njia ambayo fedha yako inapita. Katika mfuko uliosajiliwa, meneja huamua nini kinunuliwe, lakini mali hushikwa na mtunza mali, kwa kawaida benki, ili meneja akifilisika mali za wawekezaji zisihesabiwe kuwa zake. Kwa hiyo jina la akaunti unayolipia linapaswa kuwa la mfuko, si la wakala aliyekuletea fomu wala la mtu mwingine yeyote. Kabla ya kulipa, tafuta jina la mfuko wenyewe, pamoja na la kampuni, kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kwa Tanzania, au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kwa Kenya, kwa sababu kampuni yenye leseni yaweza kuuza pia bidhaa ambayo haijasajiliwa. Baada ya kulipa, dai taarifa yenye mambo matatu: tarehe ya bei uliyopewa, bei yenyewe, na idadi ya vipande. Zidisha bei kwa idadi; ikiwa jibu halifiki kiasi ulichotoa na hakuna ada ya kuingia iliyoandikwa kwenye waraka, rudi na uulize tofauti imekwenda wapi.