Skani zilizokaa upogo na kingo nyeusi: yanayoaminika na yaliyo kweli

Tuchukue kitini kilichojalidiwa, kurasa za A4, kimeskaniwa kwa skana ya kioo kwa nukta 300 kwa inchi. Kwa sababu ya unene wake kifuniko hakikufunga vizuri. Matokeo yanajulikana: mistari imelala upogo, ukingoni kuna utepe mweusi, na karibu na mgongo wa kitabu kuna kivuli.

Dhana: Tengeneza PDF kwanza, kasoro utazirekebisha humo humo.

PDF ina sehemu ya kugeuza ukurasa, lakini inakubali robo duara tu: nyuzi 90, 180 au 270. Ukurasa uliopinda kwa nyuzi 1 hauna dawa hapo. Na nyuzi 1 si kidogo. Kwenye upana wa A4, yaani pikseli 2480, mstari unaanza mahali pamoja na kuishia pikseli 43 juu au chini yake, karibu milimita 4.

Kukata kingo ndani ya PDF nako kuna mtego. Programu nyingi zinabadilisha tu mipaka ya kinachoonekana. Picha yote bado imo. Faili halipungui uzito, na mtu akirudisha mipaka ya awali ataona ulichodhani umekiondoa. Kama ukingoni palikuwa na kipande cha kitambulisho cha mtu, bado kipo. Kata picha zenyewe kabla hazijaunganishwa.

Dhana: Nyoosha kwanza, kingo zitafuata.

Hapa ndipo wengi wanapolaumu programu bure. Kinyoosha-kurasa hakisomi maneno. Kinatafuta mwelekeo ambao weusi umejipanga kwa safu, na kwa kawaida safu hizo ni mistari ya maandishi. Utepe mweusi wa ukingoni ni safu nzito kuliko zote, nao aghalabu unafuata ukingo wa kioo, si maandishi. Ukiuacha, programu inaweza kuona kwamba ukurasa umenyooka tayari, ikauacha ulivyo. Kwa hiyo ondoa kwanza weusi ulio wazi, nyoosha, kisha rudisha ukubwa wa ukurasa. Kwa ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa kuandika amri, amri ni hii:

```
magick p01.tif -shave 60x60 +repage \
  -background white -deskew 40% +repage \
  -gravity center -extent 2480x3508 s01.tif
```

`-shave` inapunguza pikseli 60 kila upande, sawa na milimita 5 hivi. `-deskew` ndiyo inayonyoosha, na `-background white` imewekwa kwa sababu ukurasa ukizungushwa, pembe zake hubaki tupu na lazima zijazwe rangi. Kama karatasi yako imegeuka manjano, weupe huo utaonekana kama viraka. Chagua rangi inayokaribiana nayo. `-extent` inarudisha kipimo cha A4. Kivuli cha mgongo huwa upande mmoja kwenye kurasa za witiri na upande wa pili kwenye shufwa, basi zitenge katika makundi mawili, na kila kundi likatwe upande wake.

Kujua kama imefanya kazi, usitazame ukurasa wa kwanza tu. Fungua ule wenye mchoro, jedwali au maneno machache. Huko ndiko mistari ya kufuata inakokosekana na programu kupotea njia.

Dhana: Ukataji wa kujiendesha ndio safi zaidi.

`-trim` hukata mpaka inapokutana na kitu chenye rangi tofauti. Ukingo wenye vumbi unaizuia mapema. Ukingo mweupe unaipeleka hadi kwenye herufi. Ukurasa wa mwisho wa sura, wenye mistari sita, unatoka kama utepe mfupi. Ukiutanua tena kuwa A4 kwa kuuweka katikati, mistari hiyo sita inaning'inia katikati ya ukurasa. Mimi hupendelea kipimo kimoja kwa kundi zima, hata kikibakiza doa dogo.

Dhana: Kuzungusha hakuharibu, rudia hadi upendezwe.

Kila mzunguko unakadiria pikseli upya na herufi zinafifia. Anza kila mara na skani ya asili, izungushe mara moja, ikiwa bado ya kijivu au rangi. Ukiigeuza kuwa nyeusi na nyeupe tupu kabla ya kunyoosha, mistari ya herufi inatoka na vidato. Mwishoni unganisha kwa `img2pdf`, ambayo haibani JPEG upya, na majina ya faili yawe na sifuri mbele, la sivyo p10 itatangulia p2:

```
img2pdf s*.tif -o kitini.pdf
```

Dhana: Picha ya simu iliyopinda inanyooshwa vivyo hivyo.

Simu ikishikwa kwa kuinama, upande wa juu wa karatasi unakuwa mwembamba kuliko wa chini. Hapo hakuna kipimo kimoja cha nyuzi za kuzungusha, kwa sababu kingo za kushoto na kulia haziendi sambamba. Zinahitajika pembe nne za karatasi zivutwe hadi ziwe mstatili, kazi ambayo programu za simu za kuskani zinaifanya na `-deskew` haiwezi.