Baba, miguu yako ilivimba kwa ajili ya dawa, sio figo

Mi ni mfamasia, nafanya kazi Dar ila kwetu ni Tanga, Ngamiani. Barua hii nimemwandikia baba yangu aliyeacha vidonge vya presha, na yeye mwenyewe kanipa ruhusa niiweke hapa, manake anasema pale barazani kwao wako wazee kadhaa waliofanya vilevile kwa sababu ileile.

Shikamoo baba. Mama kaniambia miguu imepoa na sasa unaenda msikitini bila kusimama njiani, alhamdulillah. Ila kaniambia pia kile kikopo cha vidonge kiko palepale juu ya kabati na hakijaguswa. Sikuandikii kukugombeza. Nataka nikueleze kilichotokea miguuni kwako, manake naona umekielewa kinyume, na uamuzi wako wote umesimama hapo.

Ulianza na amlodipini ya miligramu 5, miguu ikawa sawa. Presha haikushuka vya kutosha, dokta akakupandisha hadi 10, na baada ya wiki kadhaa ndo vifundo vikaanza kujaa, soksi zikawa zinaacha alama, jioni viatu havivuliki mpaka mama avute. Wazee wenzako wakasema hizo figo zinakufa, dawa ndo inaziua. Ukaacha. Uvimbe ukaisha. Ukasema unaona, nilijua.

Sasa hapo baba ndo nakuomba unisikilize. Figo zikiwa zimeharibika kiasi cha kuvimbisha mtu, uvimbe hauondoki eti kwa sababu umeacha kidonge cha presha. Wako uliondoka, kwa hiyo ulikuwa wa kidonge chenyewe. Amlodipini inalegeza mishipa midogo inayopeleka damu, na kwa kulegea huko ndo presha inashuka, lakini mishipa ya kurudisha damu juu hailegei kiasi hicho, basi damu inaingia miguuni kirahisi kuliko inavyotoka na maji yanapenya kutoka kwenye vimishipa vyembamba yanatuama kwenye nyama. Ni kama mtaro wa mvua uliopanuliwa juu halafu kalavati la chini likaachwa dogo. Ndo maana jioni unavimba na asubuhi unaamka afadhali, na ndo maana kwenye 5 hukuona kitu ila kwenye 10 ukaona, uvimbe huu unafuata dozi. Na vile vidonge vya kukojoza alivyokupa jirani havikusaidia kwa sababu hiyohiyo, mwili wako haukuwa umejaa maji, maji yalikuwa yamekaa pasipo mahali pake.

Ungeniambia unaamka uso umevimba kwenye macho, au mkojo una povu zito kama la sabuni, ningewaza figo. Ungesema ukilala chali pumzi inakata mpaka uongeze mito, ningewaza moyo, na hapo nisingeandika barua, ningekupigia uende hospitali usiku huohuo. Hukuwa na hata kimoja, nilikuuliza.

Halafu kuna hili la ile namba. Ulipima pale duka la dawa siku mbili baada ya kuacha ukakuta 138 kwa 86, ukampigia na baba mdogo kumwambia umepona. Baba, hiyo ilikuwa dawa bado inafanya kazi. Amlodipini inatoka mwilini polepole mno, inachukua kama siku moja na nusu hadi mbili ndo ipungue nusu tu, halafu muda kama huo tena nusu ya iliyobaki, kwa hiyo presha yako haikuruka siku uliyoacha, ilipanda kidogo kidogo wiki nzima na wewe husikii kitu. Nilipokuja sikukuu nikakupima nyumbani ilikuwa 174 kwa 102. Ukasema ni ngazi za kwa shangazi, ndo mana nikakukalisha dakika tano kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nikamfukuza mjukuu wako aliyekuwa anakuchekesha, nikapima tena: 170 kwa 100. Nyumbani tunataka iwe chini ya 135 kwa 85. Hizo si ngazi.

Na kichwa hakikuumi, najua, utaniambia hivyo. Wengi hakiwaumi. Mishipa ya kwenye ubongo na figo inachoka kimyakimya, na hizo figo unazoziogopea ndo zinazoumizwa na hiyo 170 kila siku, sio na amlodipini.

Sasa usiende ukafungua kile kikopo ukaanza na 10, utavimba tena na utaacha tena, mi nakujua. Nenda kliniki ya presha, mwambie dokta kwa mdomo wako kwamba uliacha na kwa nini uliacha, usimfiche ukasema unameza, manake akiamini unameza na anaona 170 atakuongezea dawa juu ya dawa. Muulize kama unaweza kurudi kwenye 5 halafu akuongezee losartani. Losartani inalegeza na ile mishipa ya kurudisha damu, kwa hiyo pamoja na kushusha presha inapunguza na uvimbe wa mwenzake. Yeye ndo ataamua, ila swali ni la haki kabisa na hatokushangaa. Akikuanzishia atataka kupima damu, kreatinini na potasiamu, mwanzo na tena baada ya wiki moja mbili, usikwepe hicho kipimo cha pili. Na mwambie apime mkojo pia kama una protini, ili hili suala la figo tulimalize kwa karatasi na sio kwa maneno ya baraza.

Kuna kitu kingine mama kanitobolea: diklofenaki ya goti. Hiyo baba iache kabisa, yani hata kimoja, mpaka umuulize dokta. Inapandisha presha yenyewe, na ukiichanganya na losartani ndo hapo figo zinapata shida ya kweli. Goti likiuma tumia panado kwa kipimo kilichoandikwa.

Ukishaanza usipime kesho yake ukakata tamaa. Presha itashuka taratibu, wiki moja au mbili ndo utaona tofauti ya maana. Chagua saa moja, mi naona baada ya alfajiri ukisharudi, kabla ya kahawa. Ukisahau na ukakumbuka mchana, meza. Ukikumbuka usiku wa manane, acha, subiri alfajiri, usimeze viwili kufidia. Na vifundo vikianza kujaa tena nipigie mimi au rudi kliniki, usikae na jibu la mtu wa barazani.

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakikwama au kifua kikibana, hapo hakuna kunipigia mimi wala kupima presha kwanza, mama aite gari mwende hospitali.

Jumatatu beba makasha yote, na la goti pia. Nimemtumia kaka nauli ya bajaji ya kwenda na kurudi, na nimemwambia akae na wewe mpaka ndani kwa dokta.