Barua ya shukrani kwa bodi ya shule: tarehe, saini na sentensi ya tatu

Je, mbona shule isiandike tu barua moja ya "asanteni sana" kwa bodi nzima inapomaliza muda wake?

Kwa sababu hakuna anayeteuliwa "bodi nzima". Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaipa kila shule ya umma Bodi ya Usimamizi, na wajumbe wake huteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Sita wanawakilisha wazazi au jamii, watatu wanatoka kwa mfadhili wa shule, mmoja anachaguliwa na walimu, na waliobaki wanatoka katika makundi mengine yaliyotajwa na sheria. Kila mmoja aliingia kwa mlango wake, kwa barua yake ya uteuzi. Barua ya shukrani ndiyo inayofunga jalada lililofunguliwa na barua ile, kwa hiyo nayo huandikwa kwa mtu mmoja mmoja. Barua ya jumla inaweza kusomwa kwenye kikao cha mwisho, ila isiwe badala ya hizi.

(Jina lenyewe liangaliwe. Shule nyingi za sekondari bado zinaandika "bodi ya magavana", jina la chombo cha sheria ya zamani. Tangu 2013 ni Bodi ya Usimamizi.)

Linalokosewa zaidi ni tarehe. Mjumbe huhudumu miaka mitatu, na anaweza kuteuliwa tena mara moja tu. Tuseme barua ya uteuzi inaanza tarehe 15 Machi 2022. Muda huo unakwisha tarehe 14 Machi 2025, wala si tarehe 15. Siku moja inaonekana si kitu, mpaka hundi au mkataba uwe umetiwa saini siku hiyo na mkaguzi aulize mwenyekiti alisaini kwa mamlaka gani. Tarehe itolewe kwenye barua ya uteuzi, si kwenye siku bodi ilipozinduliwa, maana uzinduzi huweza kuchelewa wiki kadhaa. Kisha kitenzi kikubaliane na tarehe. Barua inayokabidhiwa katika kikao cha tarehe 7 Machi inasema "muda wako utakaomalizika". Inayotumwa tarehe 20 inasema "uliomalizika". Ukiandika "uliomalizika" tarehe 7, umemwachisha mtu kazi wiki moja kabla ya wakati. Na neno "muhula" liepukwe hapa. Kwa msomaji wa shuleni, muhula ni ile miezi mitatu ya masomo, na "kipindi" ni somo la darasani. "Muda wa kuhudumu" halina utata.

Nani atie saini? Wengi humpelekea mwenyekiti, lakini naye anaondoka pamoja na wenzake. Baada ya tarehe 14 saini yake haina mamlaka, na hawezi kujishukuru mwenyewe. Kungoja bodi mpya ndiyo iwashukuru waliotangulia nako si busara, maana uteuzi unaweza kuchukua miezi. Jibu limo katika sheria yenyewe: mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi, na yeye habadiliki bodi inapobadilika. Aandike kwa karatasi yenye nembo ya shule, atie saini kama mwalimu mkuu na katibu wa bodi, apige mhuri.

Sasa kiini cha barua. Sentensi ya kwanza inashukuru, ya pili inataja wadhifa na tarehe, na ya tatu inasema mtu huyu alifanya nini. Hiyo ya tatu ndiyo inayoharibika. "Umechangia pakubwa maendeleo ya shule" inaweza kuandikiwa yeyote, hata aliyehudhuria vikao viwili kwa miaka mitatu. Kabla ya kuandika, katibu afungue faili ya kumbukumbu za mikutano na atafute mambo matatu: mjumbe alikuwa katika kamati gani, alihudhuria vikao vingapi, na pendekezo gani lililopitishwa linabeba jina lake. Kwa mjumbe wa kamati ya fedha, mwili wa barua unaweza kuwa hivi:

"KUH: SHUKRANI KWA HUDUMA YAKO KATIKA BODI YA USIMAMIZI

Kwa niaba ya shule, nakushukuru kwa kuhudumu kama mwakilishi wa wazazi. Uliteuliwa kuanzia tarehe 15 Machi 2022, na muda wako ulimalizika tarehe 14 Machi 2025. Katika kamati ya fedha ulihudhuria vikao 10 kati ya 12, na ni wewe uliyependekeza mahindi na maharagwe yanunuliwe mara moja kwa muhula badala ya kila wiki, utaratibu uliopitishwa na bodi na unaofuatwa hadi leo. Pia ulisimamia ukaguzi wa ghala kila mwisho wa muhula. Nakutakia heri katika shughuli zako."

Imetosha. Ukurasa haujajaa, na haifai kujazwa. "Natumai u buheri wa afya" ni ya barua ya kirafiki. Hapa haina nafasi.

Sentensi hiyo ya tatu ina mtego wa pili, nao ni kumpa mtu sifa ya fedha zisizo zake. Ukiandika "ulitujengea madarasa manne" ilhali yalijengwa kwa fedha za maendeleo ya eneo bunge, barua itapingana na vitabu vya hesabu. Kauli sahihi ni kwamba bodi ilisimamia ujenzi, na chanzo cha fedha kitajwe. Mjumbe wa kamati ya nidhamu naye ashukuriwe kwa vikao alivyoketi, bila kutaja kesi wala jina la mwanafunzi. Barua hiyo itatoka nje ya shule, ikaambatishwe kwenye wasifu au isomwe kanisani.

Kuna na sentensi moja ya adabu inayoleta balaa: "Tunatarajia kufanya kazi nawe tena katika bodi ijayo." Shule haiteui. Aliyeahidiwa hivyo kisha jina lake likakosekana atadhani mwalimu mkuu amemkata. Aliyemaliza mara yake ya pili hawezi kurudi kabisa. Andika "milango ya shule iko wazi kwako" kama moyo unataka kusema kitu.

Madai yasichanganywe na shukrani. Kama mjumbe bado ana faili, funguo au mhuri, hayo yaandikiwe barua nyingine. Vivyo hivyo benki: ikiwa mwenyekiti ni mmoja wa watia saini wa akaunti, nakala ya barua ya shukrani haimwondoi. Benki inahitaji barua yake, pamoja na kumbukumbu za kikao kilichoidhinisha mabadiliko.

Mwishoni, chini ya saini, nakala. Moja iende kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti. Kwa wale watatu wa mfadhili, iongezwe nakala kwa mfadhili, maana ndiye aliyewapendekeza na ndiye atakayeulizwa majina mapya. Ya mwisho iwekwe katika faili ya mjumbe, nyuma ya barua yake ya uteuzi, na mjumbe atie saini katika daftari la barua anapopokea.

Anayesahaulika karibu kila mara ni mwakilishi wa baraza la wanafunzi, ambaye huingia kwa wadhifa wake. Naye aandikiwe, tena mapema kabla hajafanya mtihani na kuondoka, maana anwani yake baada ya hapo ni vigumu kuipata.