Matazamio ya miezi mitatu: yanayosemwa Ngamiani na yaliyo kweli

Wanaoniita kwa kazi ya utumishi hapa Tanga wengi wao ni wenye biashara za watu sita mpaka ishirini: maduka ya jumla, karakana, nyumba za wageni. Mara nyingi nafika wakati miezi mitatu ya matazamio, yaani probesheni, imeshapita, barua ya kuthibitishwa hakuna, mwajiri anaamini lake na mfanyakazi anaamini lake. Nitazieleza imani hizo kwa kufuata kijana mmoja aliyeajiriwa kutunza stoo ya vifaa vya ujenzi Ngamiani. Alianza kazi tarehe 1 Machi, na mkataba wake ulisema matazamio yanaisha 31 Mei. Mwenye duka ni mama wa makamo aliyeniita mapema, kabla kijana hajaripoti, na hiyo peke yake ilitupunguzia kazi nusu.

Dhana: "Yuko probesheni, namtoa siku nitakayo."

Dhana hii ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema sehemu yake inayohusu kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mtu aliyemtumikia mwajiri chini ya miezi 6. Wenye maduka wakishasikia hapo, hawaendelei kusikiliza yanayofuata.

Yanayofuata ni notisi. Ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi notisi haipungui siku 7. Baada ya hapo, kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, haipungui siku 28, ama alipwe mshahara wa siku hizo. Tena Kanuni za Utendaji Bora za 2007, kanuni ya 10, zinamtaka mwajiri amweleze aliye kwenye matazamio kasoro anayoiona, amsikilize, na ampe muda wa kutosha kujirekebisha kabla ya kumwondoa. Kwenye kikao hicho mfanyakazi anaweza kuja na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Sasa chukua kalenda uhesabu. Ukitaka ajira iishe 31 Mei kwa notisi ya siku 28, barua lazima imfikie tarehe 3 Mei. Na kabla ya tarehe 3 Mei awe ameshaelezwa kasoro na kupewa nafasi ya kurekebisha. Kwa hiyo anayesubiri wiki ya mwisho ya Mei ndipo aanze kufikiri, amechelewa karibu mwezi mzima, na atalipa mshahara wa siku ambazo hakupanga kuzilipa. Kwa sababu hiyo tulipanga mapitio ya kijana wa stoo tarehe 14 Machi, 30 Machi na 29 Aprili, halafu kikao cha uamuzi 20 Mei. Hiki cha 29 Aprili ndicho chenye uzito kuliko vyote: ni kikao cha mwisho ambapo mwajiri bado ana njia zote mkononi.

Dhana: "Mapitio ni kumkagua mfanyakazi."

Kabla hajaanza tuliandika mambo matatu tu atakayopimwa nayo. Kadi za bidhaa zilingane na mzigo uliopo rafuni. Asisaini kupokea mzigo kabla ya kuulinganisha na oda. Na saruji iliyoingia kwanza itoke kwanza. Mama alitaka kuongeza "awe mwaminifu na mchapakazi", nikamwomba tuyaache, kwa kuwa siku ya mapitio hakuna kipimo cha kuyapimia, na mtu huishia kupewa alama kwa jinsi anavyosalimia.

Tarehe 14 Machi tulikaa dakika ishirini kuuliza kama ameielewa kazi na kama ana vitendea kazi. Tarehe 30 Machi tukahesabu. Nilichagua bidhaa 20 kwenye leja bila kumwambia mapema: misumari ya inchi tatu, bawaba, mabomba ya nusu inchi, rangi. Bidhaa 6 hazikulingana na kadi zake. Mama alivuta pumzi, akanitazama kama anayesema "si nilikwambia?"

Nikamwomba kijana atueleze kadi moja baada ya nyingine. Ya misumari alikiri alisahau kuandika. Ilipofika ya mabomba akasita, kisha akasema, "Mama, naomba nisieleweke vibaya. Mimi natoka saa kumi na moja. Kaunta inafunga saa moja usiku. Mteja akija katikati hapo, kaka wa kaunta anachukua ufunguo, anatoa mzigo, ananiambia asubuhi. Siku nyingine haniambii."

Tukachukua kitabu cha risiti za jioni. Kati ya bidhaa zile 6, tofauti za bidhaa 4 zilikuwa humo, zimeuzwa baada ya saa kumi na moja. Laiti tungeandika "kadi hazilingani, aongeze umakini" na kufunga faili, tungemwadhibu mtu kwa ufunguo ambao mwenye duka mwenyewe aliuacha kwa wawili. Kwenye karatasi ya mapitio kila upande ulibeba lake. Kijana: kuandika kadi palepale mzigo unapotoka. Mama: kuweka daftari la kutolea mzigo jioni, anayetoa asaini, na kijana alihamishie kwenye kadi asubuhi kabla ya kufungua. Tarehe 29 Aprili tulihesabu tena bidhaa 20 nyingine, zisizolingana zikawa 2.

Siku hiyohiyo, hata hivyo, tulikuta mifuko 11 ya saruji imeshika nyuma ya rundo. Wanaoishi Tanga wanaujua unyevu wa upepo wa bahari: saruji iliyowekwa chini sakafuni na kugusa ukuta haichukui muda kuganda. Unabonyeza pembe ya mfuko kwa kidole, na kama imebaki na donge lisilovunjika, basi. Mzigo mpya ulikuwa umepangwa mbele ya wa zamani, na wachukuzi walichota wa mbele. Hili lilikuwa lake, naye alilikubali. Akapewa maandishi: mifuko yote iinuliwe juu ya mbao, iachwe nafasi ya kupita kati ya rundo na ukuta, kila mzigo uandikwe tarehe ya kuingia kwa chaki, na wa zamani ukae mbele. Tutaangalia tena 20 Mei.

Dhana: "Miezi mitatu imepita kimya, basi nimeshathibitishwa."

Hii ni ya wafanyakazi zaidi, na inaniuma kila ninapoisikia, kwa kuwa mtu amejenga matumaini juu yake, pengine amekopa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Madai Namba 61 ya 2016, ilisema wazi kwamba kuisha kwa muda wa matazamio hakumgeuzi mtu kuwa aliyethibitishwa. Lazima masharti ya kuthibitishwa yatimie. Kwa hiyo anayefanya kazi mwezi wa tano bila barua yuko palepale alipokuwa, isipokuwa kama mkataba wake wenyewe unasema vingine.

Mwajiri asifurahie hilo. Kanuni zinasema matazamio yawe ya muda wa kuridhisha usiozidi miezi 12. Ukimya hauongezi muda huo kihalali, wala haumpi mfanyakazi kasoro yoyote ya kurekebisha, na siku ukitaka kumwondoa huna cha kuonyesha. Ushauri wangu kwa mfanyakazi ni kuandika mwenyewe: wiki mbili kabla ya tarehe, barua ya mistari mitatu kwa heshima, kukumbusha kwamba matazamio yanaisha siku fulani na kuomba majibu. Abaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa.

Dhana: "Kuongezewa muda ni kufukuzwa kwa adabu."

Huwa hivyo pale barua inaposema tu "umeongezewa miezi mitatu" bila sababu. Barua ya namna hiyo simshauri mtu aitoe. Kuongeza muda kuna sababu mbili za haki: mfanyakazi amekaribia kiwango na anahitaji muda kidogo, au mwajiri bado hajapata nafasi ya kumpima. Vyote viwili vinataka mazungumzo naye kwanza, kabla tarehe ya zamani haijapita.

Tarehe 20 Mei stoo ilikuwa imepangwa vizuri, mbao chini, chaki kwenye kila rundo. Tatizo ni kwamba tangu 29 Aprili hakuna mzigo mpya wa saruji uliokuwa umeingia. Hatukuweza kujua kama lori likija na mifuko mia nne, wachukuzi wanaharakisha na dereva anapiga honi, atasimamia mpangilio uleule. Mama alitaka kumthibitisha kwa huruma. Mimi nilimwambia kijana ukweli wote mbele ya mama, na kijana akasema heri apimwe kwa lori kuliko kwa huruma.

Tukaongeza mwezi mmoja, 1 mpaka 30 Juni. Barua ilitaja jambo moja tu lililobaki, namna litakavyopimwa (mzigo wa kwanza wa Juni, tukague siku ya pili yake), na siku ya uamuzi. Pia ilisema mshahara na masharti mengine hayabadiliki. Lori lilikuja, tukakagua, mifuko ya zamani ilikuwa mbele. Barua ya kuthibitishwa ikatolewa 24 Juni, hatukuona haja ya kungoja tarehe 30.

Dhana: "Tunaelewana, karatasi za nini?"

Faili lake lote la matazamio lina karatasi saba: mkataba wenye maelezo ya kazi, karatasi ya vipimo vitatu, mapitio matatu, barua ya kuongeza muda na barua ya kuthibitishwa. Hakuna iliyozidi ukurasa mmoja isipokuwa mkataba. Kila karatasi ya mapitio ina tarehe, kilichoonekana kwa namba (bidhaa 6 kati ya 20, si "wastani"), maneno ya mfanyakazi mwenyewe, nani atafanya nini na lini, na saini mbili. Asipokubaliana aandike hapohapo kwamba hakubaliani na kwa nini. Saini yake ni ya kusoma, haimlazimu kukubali.

Na mkataba uandikwe tangu siku ya kwanza, kama mchango wa NSSF unavyoanza na mshahara wa kwanza. Ukibishaniwa sharti la ajira na mwajiri akashindwa kuleta maandishi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Kumbukumbu hizo zinatakiwa zikae miaka 5 baada ya ajira kuisha. Mama aliziweka kwenye kabati la ofisi, nikamwomba azihamishe, kwa kuwa kabati lile limeegemea ukuta uleule unaogandisha saruji.