Anza na lebo: ninavyokagua picha ya bidhaa kabla ya kumtumia mteja

Picha ya bidhaa iliyotengenezwa kwa akili mnemba hukudanganya kwa uzuri wake. Mwanga umekaa vizuri, rangi zinavutia, na jicho linaridhika kabla halijasoma chochote. Ndiyo maana orodha yangu ya ukaguzi haianzi na uzuri. Inaanza na swali moja: hii ndiyo bidhaa ya mteja, au ni ndugu yake?

Tuchukue chupa angavu ya losheni yenye pampu, ujazo wa ml 250, iliyowekwa juu ya jiwe huku mwanga ukitoka kushoto. Mteja alinipa picha halisi ya chupa hiyo, mfumo ukatengeneza mandhari mapya. Nafungua picha zote mbili sambamba na kukuza ile mpya hadi asilimia 100, yaani pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini. Ukiitazama ikiwa imepunguzwa, kasoro za lebo hazionekani kabisa.

Lebo naisoma kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza. Ukisoma kwa mtiririko wa kawaida, akili inajaza herufi ambazo hazipo. Jina kubwa la bidhaa kwa kawaida hutoka salama. Balaa liko kwenye maandishi madogo, kwa sababu mfumo hauyanakili bali huyachora upya kama umbo. Utakuta “ml 250” imekuwa “ml 280”, au mstari wa viambato umegeuka kitu kinachofanana na maandishi lakini hakisomeki kwa lugha yoyote. Hapo sizalishi picha upya nikiomba bahati. Nachukua faili la lebo lililotumika kiwandani, nalikunja lifuate mviringo wa chupa, kisha narudishia mwanga na kivuli juu yake. Msimbopau hauna mjadala: mistari ikichorwa upya, haiaminiki tena, kwa hiyo huwekwa wa asili.

Kama chupa imepigwa kwa pembe ileile katika picha zote mbili, ipo njia ya haraka ya kuona kilichobadilika. Weka picha halisi kama leya ya juu kwenye GIMP au Photoshop, zipange zilingane, halafu kwenye orodha ya namna za kuchanganya leya chagua `Difference`. Palipo sawa panakuwa peusi, palipotofautiana panang'aa. Mstari mwembamba kwenye kingo usikutishe, huo ni leya kusogea kidogo tu. Mwanga mpya nao utaleta tofauti pana na laini. Unachotafuta ni doa lenye umbo: herufi, skrubu, nembo.

Kisha umbo lenyewe. Kamera ikiwa juu kidogo ya chupa, ukingo wa chini wa lebo unapaswa kupinda zaidi kuliko ukingo wa juu, na kitako cha chupa kupinda zaidi ya kingo zote mbili. Mara nyingi mfumo hunyoosha kitako kikawa kama kimekatwa kwa rula. Mteja huenda asijue kueleza tatizo, ila atakwambia chupa “imekaa vibaya”. Kasoro hii siihangaikii kwa brashi. Naizalisha picha upya.

Kwenye pampu nafuata mrija kwa macho kutoka juu hadi chini. Mrija unaoanzia pembeni ya shina la pampu, au unaoishia hewani katikati ya chupa, ni kosa. Lakini usikimbilie kuhukumu: kama kilichomo ni kimiminika kinachopitisha mwanga, mrija utaonekana umevunjika pale unapoingia ndani yake, na hata kunenepa. Hiyo ni tabia ya mwanga, na ukiinyoosha ndipo utakapoiharibu picha.

Kivuli hakinichukui muda. Mng'ao uko kushoto, basi kivuli kiende kulia, na kiwe cheusi zaidi pale kitako kinapogusa jiwe. Kikikosekana hapo, chupa inaelea.

Kwa picha za mandhari meupe naongeza hatua moja. Nafungua `Levels` na kuvuta kitelezi cheusi kulia hadi karibu na mwisho. Nyeupe kamili, 255 kwa nyekundu, kijani na buluu, itabaki nyeupe. Mabaka ya 250 au 252 yatajitokeza kama madoa ya kijivu kuzunguka chupa. Kwenye skrini yako huenda hayaonekani, lakini kwenye ukurasa mweupe wa duka la mtandaoni yatachora kisanduku kuzunguka bidhaa. Rudisha kitelezi kabla ya kuhifadhi.

Mwisho naipunguza picha hadi upana wa kidole na kuifungua kwenye simu, maana wanunuzi wengi wataiona hivyo kwanza. Hapo naangalia jambo moja tu: kama rangi ya kifuniko bado inafanana na ile ya chupa halisi.