Mpango wa tiba ya wenza pale sonona inapopungua lakini nyumba haitulii

Wanandoa wengi ninaowaona hapa Dodoma hawaji wakati mmoja wao amezidiwa na sonona. Huja miezi kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameanza kulala, kula na kufanya kazi, ilhali ndani ya nyumba ugomvi umeongezeka. Katika kipindi cha ugonjwa mmoja alibeba majukumu yote na mwingine akawa wa kuangaliwa. Ugonjwa umepungua, lakini mgawanyo ule haujabadilika. Mpango ninaoueleza hapa unahusu hali hiyo tu, na mfano nitakaoutumia nimeutengeneza kwa kuchanganya mambo ya wanandoa mbalimbali ili mtu asitambulike.

Mume ni seremala mwenye karakana Chang'ombe, na mke anauza mafuta ya alizeti katika soko la Majengo. Alipougua, mume alipokea malipo ya awali ya vitanda na makabati ambayo hakuyatengeneza, na wadai wakawa wanabisha hodi nyumbani. Mke alichukua simu ya karakana, akalipa madeni kidogo kidogo, na akaanza kusimamia dawa. Walipofika kwangu, alama za mume katika dodoso la PHQ-9 la kupima dalili za sonona, lenye maswali 9 na alama zisizozidi 27, zilikuwa zimeshuka kutoka 17 hadi 6. Hata hivyo kila jioni mke alimuuliza kama amekunywa dawa, mume akanyamaza, mke akauliza tena kwa sauti ya juu, na mume akatoka nje hadi usiku. Mke aliona ukimya ule kuwa ugonjwa unarudi, naye mume aliona swali lile kuwa ushahidi kwamba haaminiki.

Mpango wangu una vikao 10, kila kimoja dakika 75. Cha kwanza ni cha wote wawili. Cha pili na cha tatu namwona kila mmoja peke yake, na hatua hii siiruki hata wanandoa wakisema hawana siri, kwa sababu ndipo ninapouliza kuhusu kupigwa, vitisho na mawazo ya kujiua. Kabla ya vikao hivyo nawaeleza nini kitabaki kuwa siri na nini hakiwezi kubaki siri, yaani hatari kwa maisha ya mtu. Mmoja akiwa anamwogopa mwenzake, tiba ya pamoja haianzi, kwa kuwa maneno anayoyasema mbele yangu anaweza kuyalipia akifika nyumbani. Wote wawili hujaza dodoso, pamoja na yule anayeonekana mzima. Mke wa seremala alipata alama 11, na kwa kuwa kuanzia 10 tunahitaji kuchunguza zaidi, nilimpeleka kwa mtaalamu mwenzangu kwa tathmini yake mwenyewe huku tiba ya pamoja ikiendelea.

Katika kikao cha nne nawaonyesha mzunguko wao. Nachora kwenye karatasi swali, ukimya, swali kali na kuondoka, kisha namwomba kila mmoja aandike alichokuwa anakiogopa katika kila hatua. Ninachotafuta si mkosaji. Mke aliandika kwamba anaogopa wadai, na mume, aliyekuwa amejiandaa kusikia kwamba anadharauliwa, alikaa muda mrefu na karatasi ile.

Kuanzia kikao cha tano hadi cha nane muundo haubadiliki: dakika 10 za kupitia wiki na alama za dodoso, 20 za zoezi la nyumbani, 30 za jambo kuu la siku hiyo, na 15 za kupanga zoezi jipya hadi ijulikane litafanyika siku gani, saa ngapi na mahali gani. Dakika hizi za mwisho ndizo wataalamu wengi huzifupisha, na ndiyo sababu mazoezi hayafanyiki. Katika nyumba ya vyumba viwili yenye watoto na wifi, kuwaambia wanandoa wakazungumze kwa utulivu hakutoshi. Hawa waliamua kuzungumza karakanani, Jumamosi saa kumi na moja jioni, mafundi wakishaondoka.

Zoezi la kwanza lilikuwa dakika 20 katika eneo hilo. Mmoja anazungumza kwa dakika 5, mwingine anarudia alichokielewa bila kujitetea, kisha wanabadilishana, na kamwe hawajadili dawa. Kuhusu dawa tulipanga utaratibu mwingine: mume anaweka alama kwenye kalenda ya ukutani akishakunywa, na mke anaruhusiwa kuuliza tu ikiwa siku mbili zimepita bila alama. Niliwaeleza pia kwamba kwa kawaida dawa huendelea kwa miezi 6 au zaidi baada ya dalili kuisha, na kwamba fluoksetini aliyokuwa akitumia inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Mke alikuwa ameshaamini kwamba kuna mwanamke mwingine. Suala hilo lilirudishwa kwa daktari aliyeandika dawa, maana kuacha ghafla ni hatari.

Zoezi zito ni la kurudisha majukumu, na hili halifanywi kwa mkupuo. Wiki ya kwanza mume alipokea simu za wateja asubuhi hadi adhuhuri, na mke akabaki na simu mchana. Wiki iliyofuata alinunua mbao za shilingi 150,000 mwenyewe. Malipo ya awali yalibaki mikononi mwa mke kwa muda, kwa sharti kwamba kila Jumamosi wanafungua daftari la oda pamoja. Wapo wenzangu wanaodhani sharti kama hili linamdhalilisha mgonjwa. Mimi naona hofu ya mke ilikuwa na msingi, na hofu yenye msingi haiondoki kwa kuombwa iondoke. Inapungua anapoona kwa macho yake oda zinakamilika.

Kati ya kikao cha saba na cha nane mambo yaliharibika. Mume alilala vibaya usiku mbili, akachelewesha meza ya mteja, na mke akachukua simu siku hiyo hiyo bila kusema neno. Kikao chote kilienda kwenye kutofautisha siku mbaya na sonona inayorudi. Sonona hupimwa kwa dalili kadhaa zinazodumu karibu kila siku kwa angalau wiki mbili, na alama zake wiki ile zilikuwa 8, zimepanda kidogo tu. Simu ilirudishwa, na mume akakubali kwamba akiona kazi itachelewa, atamwambia mke kabla mteja hajapiga.

Kikao cha tisa, wiki mbili baadaye, ni cha kuandika karatasi ya tahadhari. Dalili anazitaja mume mwenyewe: kuamka saa tisa usiku na kushindwa kulala tena, kuacha simu za wateja ziite bila kupokea, na kurudisha chakula bila kukila. Mbili kati ya hizo zikidumu siku 5, wanazungumza na kwenda kliniki bila kusubiri wiki mbili zitimie. Akitaja kutaka kufa, wanaenda hospitali siku hiyo hiyo, naye haachwi peke yake njiani. Nakala moja inabaki nyumbani na nyingine katika faili langu.

Kikao cha kumi hufanyika mwezi mmoja baadaye, na wote hujaza dodoso tena. Mume alipata 4 na mke 6. Malipo ya awali yalikuwa yamesharudi kwa mume, lakini daftari la Jumamosi waliamua kuliendeleza, safari hii kwa ombi la mume, kwa kuwa mke ni mwepesi zaidi wa hesabu za mbao.