Aliyetoka na aliyejizuia si mtu mmoja kwenye kumbukumbu

Makatibu wengi wa vyama vya ushirika huku Nakuru huandika, "Mwanachama mmoja alitangaza maslahi na hakushiriki." Sentensi hiyo haimsaidii mkaguzi. Ni nani? Maslahi gani? Alitoka, au alikaa kimya kitini pake huku wenzake wakijadili wakimtazama usoni?

Tuchukue kamati ya ushirika wa maziwa yenye watu tisa, akidi watano. Leo wamekuja sita, na ajenda ya tano ni kununua tangi la kupozea maziwa. Shemeji ya mhazini ni mmoja wa walioleta bei. Mimi ningeandika hivi:

"Kumb. 5: Mhazini alitangaza kwamba shemeji yake ni mmoja wa wauzaji walioleta bei. Alitoka saa 4:20 asubuhi, kabla ya mjadala kuanza. Walibaki wanakamati watano. Kura: ndiyo 3, la 1, aliyejizuia 1. Mhazini alirejea saa 4:47, baada ya uamuzi."

Jumlisha kura: 3 na 1 na 1 ni 5, sawa na waliobaki chumbani. Hesabu isipolingana, kuna mtu alitoka bila kuandikwa, au mhazini alipiga kura akiwa mlangoni. Ndiyo maana mimi huhesabu vichwa mara tu mlango unapofungwa, si jioni nikinakili.

Aliyejizuia yumo chumbani, kwa hiyo anahesabiwa kwenye akidi. Aliyetoka, kwa kawaida, hahesabiwi. Mwanakamati mwingine akitoka kupokea simu saa 4:30, wamebaki wanne. Akidi imevunjika na uamuzi unaweza kupingwa. Andika naye saa yake, lakini usimchanganye na mhazini, maana hana maslahi yoyote. Mwenyekiti asimamishe mjadala mpaka huyu wa simu arudi. Soma kwanza sheria ndogo zenu, kwani nyingine humhesabu hata mwenye mgongano wa maslahi.

Kujizuia nako kuna mtego. Kura zikiwa ndiyo 2, la 1, waliojizuia 2, hoja inapita ikiwa sheria inataka wingi wa kura zilizopigwa. Ikitaka wingi wa waliohudhuria, imeanguka, kwa sababu wanaohitajika ni watatu. Usiandike "ilipitishwa" kabla ya kujua ni ipi.

Mwenye maslahi akiwa mwenyekiti, taja nani alishika kiti na tangu saa ngapi. Hili husahaulika sana, na kumbukumbu husomeka kana kwamba mwenye maslahi ndiye aliyeongoza kikao.

Na kama mhazini amegundua katikati ya mjadala kwamba shemeji yake yumo, usirudishe tangazo lake mwanzoni ili lipendeze. Liweke pale lilipotokea, na useme alikuwa ameshachangia nini kabla ya kutoka.